Kopo, Unga na Pudini Iliyokataa Kushika

Pudini ya mayai ina vitu vichache, na kwa sababu hiyo haifichi kosa. Nusu lita ya maziwa, mayai 4, gramu 100 za sukari, iliki iliyotwangwa, na sukari iliyounguzwa chini ya bakuli. Mchanganyiko hukorogwa, huchujwa, hufunikwa, kisha bakuli huwekwa ndani ya sufuria yenye maji mpaka pudini ishike. Siku maziwa freshi yanapokosekana dukani, mpishi hufungua kopo la kondensi, huongeza maji mpaka ifike nusu lita, hutia sukari kama mapishi yanavyosema, na hungoja. Saa moja baadaye pudini bado inacheza kama uji. Akiongeza moto, kingo zinakatika na katikati panabaki majimaji matamu kupita kiasi.

Kopo halikuwa bovu wala mayai hayakuwa mabaya. Kilichokosekana ni hesabu, nayo ni nyepesi kwa anayejua kiwanda kilifanya nini na maziwa kabla ya kuyatia kwenye kopo.

Nusu lita ya maziwa halisi ya ng'ombe ina takriban gramu 450 za maji. Vilivyobaki, yaani gramu 65 hivi, ndivyo vinavyoyafanya yaitwe maziwa: mafuta gramu 18, protini gramu 17, sukari ya asili ya maziwa iitwayo laktosi gramu 25, na madini kidogo. Vipimo hivi hubadilika kwa ng'ombe, malisho na msimu, lakini kwa jikoni vinatosha. Maziwa ya kopo na ya unga ni hizo gramu 65 baada ya kuondolewa maji mengi au machache. Tofauti ya aina tatu ni maji yaliyoondolewa, kitu kilichoongezwa, na moto uliotumika. Mpishi anaweza kurudisha maji. Sukari iliyoongezwa anaweza kuihesabu na kuipunguza mahali pengine. Moto hawezi kuuondoa, kwa hiyo yako mapishi ambayo hayatakubali mbadala hata hesabu iwe sahihi namna gani.

Aina ya kwanza ni maziwa yaliyopunguzwa maji bila kutiwa sukari, ambayo kwenye lebo huitwa evaporeti. Kiwandani maziwa huchemshwa ndani ya mtambo ulioondolewa hewa, mahali ambapo maji hugeuka mvuke kwa joto la chini kuliko la sufuria ya nyumbani, mpaka asilimia 60 hivi ya maji iwe imetoka. Kisha matone ya mafuta hupasuliwa yawe madogo sana ili malai yasipande juu, maziwa hufungwa kwenye kopo, na kopo lenyewe hupikwa kwa joto linalozidi nyuzi 115 kwa dakika kadhaa. Hatua hiyo ya mwisho huua vijidudu vyote, na ndiyo inayoyafanya yakae rafuni miezi mingi bila friji. Pia huyapa rangi ya malai iliyokolea na ladha ya maziwa yaliyopikwa, kwa kuwa laktosi na protini zimeanza kuungana kwenye moto, kama zinavyofanya kwenye ganda la mkate unapobadilika rangi.

Kondensi, maziwa mazito matamu, yanafanana na hayo kwa kopo tu. Nayo hupunguzwa maji, lakini huongezwa sukari nyingi: karibu gramu 45 katika kila gramu 100. Sukari hiyo ndiyo inayoyalinda. Huyashika maji yaliyobaki kiasi kwamba bakteria hawapati ya kutumia, na kwa hiyo kopo halihitaji kupikwa tena kwa joto kali baada ya kufungwa. Ndiyo maana kondensi ni nzito kama asali na haiharibiki upesi hata ikifunguliwa.

Ya tatu ni maziwa ya unga. Maziwa yaliyokwisha kupunguzwa maji hunyunyizwa kama ukungu ndani ya mnara wenye hewa ya moto, na kila tone hukauka kabla halijafika chini. Unga unaobaki huwa na maji yasiyozidi gramu 5 kwa kila gramu 100. Uko wenye mafuta yake kamili, angalau gramu 26 kwa 100, na uko uliotolewa mafuta, usiozidi gramu moja na nusu. Maduka mengi huuza aina zote mbili katika mifuko inayofanana, na mnunuzi mwenye haraka hachunguzi.

Unga ndio wenye historia ndefu. Marco Polo, msafiri wa Venisi wa karne ya 13, alieleza jinsi wapiganaji wa Kimongolia walivyosafiri na maziwa yaliyokaushwa juani. Asubuhi mtu alitia kiasi kwenye kiriba chenye maji, akapanda farasi, na mwendo wa farasi ukakoroga hadi wakati wa kula. Kabla ya kuyakausha, kwanza walienguwa mafuta ya juu, kwa sababu maziwa yenye mafuta hayakukauka vizuri juani. Shida hiyohiyo iko viwandani mpaka leo kwa sura nyingine: unga wenye mafuta huchina. Ukikaa sana kwenye joto au ukiachwa wazi hutoa harufu kama ya mafuta ya kupikia yaliyokaa muda mrefu, wakati unga usio na mafuta hudumu zaidi.

Kondensi ni ya karne ya 19. Mmarekani Gail Borden alipata hataza ya kupunguza maji ya maziwa katika mtambo usio na hewa mwaka 1856, na biashara yake ilipata nguvu pale serikali ya Marekani ilipoanza kununua makopo kwa ajili ya askari wake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyoanza mwaka 1861. Mwaka 1866 kiwanda cha kondensi kilianzishwa Cham, Uswisi. Huko alifanya kazi kijana aitwaye John Baptist Meyenberg, ambaye alitaka kuhifadhi maziwa kwenye kopo bila sukari, kwa kulipika kopo lenyewe. Wakubwa wake hawakulikubali wazo hilo. Akahamia Marekani, na mwaka 1885 kampuni iliyotumia njia yake ilianza kazi katika mji wa Highland, jimbo la Illinois. Kwa hiyo kondensi ilitangulia, evaporeti ikafuata, na iliyokuja baadaye ndiyo iliyo karibu zaidi na maziwa ya kawaida.

Sasa pudini irudi mezani, ifanywe mara tatu.

Kwa evaporeti kazi ni ndogo. Kopo la gramu 410 lina mililita 385 hivi. Kwa kuwa robo ya uzito wake ni maziwa makavu, likichanganywa na maji ya ujazo uleule hurudi kuwa maziwa ya kawaida. Nusu lita inayotakiwa kwenye pudini ni mililita 250 za kopo na mililita 250 za maji, na sukari inabaki gramu 100. Pudini itashika kama kawaida, ila itakuwa na rangi iliyokolea kidogo na ladha inayokaribia ya sukari iliyounguzwa. Katika pudini ladha hiyo ni faida, maana inapatana na ile iliyo chini ya bakuli. Mwandishi wa makala haya anaipenda pudini ya evaporeti kuliko ya maziwa freshi na haoni sababu ya kuficha.

Mpishi akitumia evaporeti bila maji, protini inakuwa maradufu na pudini inatoka nzito, ya kukatika kwa kisu. Wafilipino wanaitaka hivyohivyo: leche flan yao hutengenezwa kwa kopo la evaporeti, kopo la kondensi na viini vingi vya mayai, bila tone la maji. Lakini hayo ni mapishi mengine yenye vipimo vyake. Anayetaka pudini laini ya bakuli arudishe maji.

Kwa unga, mizani ni bora kuliko kijiko. Gramu 65 za unga wenye mafuta kamili na mililita 450 za maji hutoa nusu lita. Asiye na mizani achukue vijiko 8 vya kulia vilivyosawazishwa, akijua kwamba kijiko cha mtu mmoja si cha mwingine. Kosa la kawaida ni kumwaga unga kwenye maji yanayochemka. Nje ya kila tonge hulowana na kugeuka utando, ndani hubaki unga mkavu, na hakuna mwiko utakaovunja madonge hayo yote. Njia nzuri ni maji ya uvuguvugu, yale ambayo kidole kinaweza kuyavumilia. Kwanza kidogo, unga usagwe mpaka uwe kama uji mzito usio na madonge, kisha maji mengine yaongezwe polepole. Yakiachwa nusu saa kabla ya kutumika, chembe hulowana kabisa na ladha ya unga hupungua.

Kama unga uliopo hauna mafuta, pudini itashika lakini itakuwa kavu mdomoni. Katika nusu lita zinakosekana gramu 18 za mafuta, kiasi cha kijiko kimoja cha kulia na nusu cha siagi. Iyeyushwe na ikorogwe kwenye maziwa yakiwa na joto kabla ya mayai. Haitajichanganya kama mafuta yaliyopasuliwa kiwandani, na pengine matone madogo yataonekana juu, lakini ulaini utarudi.

Kondensi ndiyo inayotaka penseli. Kopo la kawaida la gramu 397 lina gramu 111 hivi za maziwa makavu na karibu gramu 180 za sukari iliyoongezwa. Lebo itasema sukari ni gramu 54 au 55 kwa kila 100, idadi ambayo huwachanganya watu. Sehemu ya sukari hiyo ni laktosi, iliyokuwamo kwenye maziwa tangu mwanzo na ambayo si tamu sana. Iliyoongezwa ni gramu 45 hivi.

Pudini inahitaji kiasi cha gramu 63 hadi 65 za maziwa makavu. Gramu 225 za kondensi zinazitoa. Na gramu 225 hizo zimebeba sukari kiasi gani? Gramu 100 na kidogo, sawa kabisa na ile iliyoandikwa kwenye mapishi. Kwa hiyo mpishi apime gramu 225 za kondensi, aongeze mililita 390 za maji, apige mayai yake 4, na asitie sukari yoyote isipokuwa ile ya kuunguza. Mchanganyiko utazidi nusu lita, nao usimtie wasiwasi: nusu lita ya maziwa iliyotiwa gramu 100 za sukari nayo huzidi kwa kiasi hichohicho.

Anayetaka kumaliza kopo zima asiliache wazi kwenye friji huongeza maji karibu mililita 690 na mayai 7. Uwiano unabaki uleule, pudini inatosha watu wengi zaidi.

Kosa la mpishi wa mwanzo linaonekana sasa. Alitumia kopo zima kwa pudini ya mayai 4, akaongeza maji machache, kisha akatia gramu 100 nyingine za sukari. Jumla ni gramu 280, karibu mara tatu ya kipimo. Sukari nyingi huizuia protini ya yai kuganda kwenye joto lake la kawaida. Pudini ambayo ingeshika kwenye nyuzi 80 na kitu hungoja joto zaidi, na likifika, yai la pembeni limekwisha kukatika wakati la katikati bado maji. Anayeliona hilo mapema, kabla ya kupika, anaweza kuokoa mchanganyiko kwa kuongeza maji na mayai mpaka uwiano urudi. Iliyokwisha kukatika hairudi.

Pudini ina bahati kwamba inataka sukari hata hivyo. Mchuzi, supu, ugali wa maziwa au viazi vya kuponda havitaki, na hapo kondensi haina nafasi kwa sababu sukari iliyomo hakuna njia ya kuitoa. Kwa vyakula vya chumvi zinabaki evaporeti na unga. Evaporeti ina sifa moja nzuri kwenye mchuzi: haikatiki upesi kama maziwa freshi. Imekwisha kupita kwenye moto mkali, na viwanda vingi huongeza madini kidogo ya kuituliza protini. Mchuzi wenye nyanya, ambao huyakata maziwa freshi mara moja, huipokea evaporeti iliyotiwa mwishoni moto ukiwa mdogo. Uchachu ukizidi, hata hiyo itakatika.

Kwenye chai kila jikoni lina desturi yake. Chai ya maziwa ya Kenya na Tanzania, inayochemshwa pamoja na maziwa, hupata utamu wake kwenye maziwa freshi, na evaporeti huigeuza ladha. Ng'ambo ya bahari mambo ni kinyume. Chai ya karak inayouzwa Maskati, Dubai na Doha hutegemea evaporeti: majani yenye nguvu, iliki, sukari, na maziwa ya kopo yanayochemka nayo mpaka chai iwe na rangi ya udongo. Ndugu waliokaa Omani wakarudi na kujaribu karak kwa maziwa freshi hushangaa inapotoka nyepesi. Evaporeti isiyoongezwa maji ina mafuta na protini maradufu, na ladha ya kupikwa imo tayari ndani ya kopo. Anayetaka kuifuata kwa maziwa freshi hana budi kuyachemsha taratibu, akiyakoroga yasiungue chini, mpaka yabaki nusu.

Kwa maandazi na mikate, unga una nafasi ya juu. Hauhitaji hata kukorogwa na maji pembeni. Huchanganywa mkavu na unga wa ngano, kisha maji au tui hutiwa kama kawaida. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko 3 vya kulia vinatosha kuyapa maandazi ulaini na harufu ya maziwa. Wapo wanaotia kikombe kizima wakidhani yatakuwa matamu zaidi, na hapo tatizo huonekana kwenye karai. Laktosi haimalizwi na hamira, inabaki, na kwenye mafuta ya moto hushirikiana na protini kubadilika rangi haraka sana. Andazi huwa la kahawia nje ndani likiwa bichi. Dawa ni kupunguza unga wa maziwa au kupunguza moto, siyo kuliondoa andazi mapema.

Waokaji wa mikate wanajua jambo jingine. Katika maziwa ambayo hayajapata moto wa kutosha imo protini inayodhoofisha ugumu wa ngano, na mkate hauumuki vizuri. Wanaotumia maziwa freshi huyachemsha kwanza na kuyaacha yapoe. Evaporeti imekwisha kupita moto huo. Unga wa maziwa unategemea kiwanda kiliutengeneza kwa joto gani, na viwanda vya mikate hununua aina iliyopashwa moto mkali kwa makusudi. Nyumbani, aliyeona mkate wake wa maziwa ya unga unabaki mfupi anaweza kuyakoroga maziwa hayo, kuyachemsha na kuyapoza kabla ya kuyakandia.

Kuna mahali ambapo kondensi hufanya kazi ambayo maziwa freshi hayawezi. Juisi ya ndimu ikitiwa kwenye maziwa freshi huyakata, madonge huku, maji kule. Ikitiwa kwenye kondensi, mchanganyiko huwa mzito na laini kama krimu bila moto wowote, kwa sababu protini imesongamana ndani ya maji machache mazito na haina pa kujitenga. Ndiyo siri ya pai ya ndimu ya Florida. Mapishi kama hayo hayabadilishwi kwa evaporeti iliyotiwa sukari juu juu, wala kwa unga uliokorogwa mzito. Ashkrimu ya nyumbani isiyo na mashine nayo hutegemea kondensi, kwani sukari yake inazuia barafu isiwe ngumu kama jiwe. Evaporeti ina ujanja wake huko huko: ikiachwa kwenye friza mpaka pembeni zianze kuganda, hupigika ikafura kama krimu, ingawa hushuka baada ya muda mfupi na lazima itumike papo hapo.

Jibini ni hadithi nyingine. Anayegandisha maziwa kwa dawa ya jibini, ile iliyotokana na tumbo la ndama au iliyotengenezwa kiwandani, hatafanikiwa kwa evaporeti. Moto wa kopo umezifunga protini mbili za maziwa pamoja, na dawa haipati mahali pa kukata. Atapata ute tu. Mtindi ni mpole zaidi. Maziwa ya unga yaliyokorogwa hugeuka mtindi vizuri, na hata wenye maziwa freshi huongeza vijiko viwili vitatu vya unga kwa lita ili mtindi uwe mzito bila kuchuja.

Kabla ya hesabu yoyote kati ya hizi, mnunuzi ana kazi moja dukani: kugeuza kopo au mfuko na kusoma viungo. Bidhaa nyingi zenye picha ya ng'ombe hazina mafuta ya maziwa. Ni maziwa yaliyotolewa mafuta, kisha yakatiwa mafuta ya mawese. Ni bidhaa halali, na tangu mwaka 2006 zina viwango vyake vya kimataifa tofauti na vya maziwa kamili. Bei yake ni nafuu na pudini itashika, maana protini ipo. Harufu ndiyo haitakuwa ileile, na samli haitoki humo. Ule unga mweupe wa kutia kwenye kahawa ni mbali zaidi: mwingi wake ni sukari iliyotokana na wanga na mafuta, protini ya maziwa ni kidogo sana, na haustahili kuhesabiwa kama maziwa katika mapishi yoyote. Kopo lililovimba, lililotoboka au lenye kutu kwenye ungio lisinunuliwe.

Yako matumizi ambayo hesabu ya maji haiyaruhusu hata kidogo, nayo ni kumlisha mtoto mchanga. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams, aliyekuwa ameueleza ugonjwa wa kwashiakoo akiwa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, alisimama mbele ya Klabu ya Rotari ya Singapuri na kutoa hotuba aliyoipa jina la Maziwa na Mauaji. Aliyazungumzia makopo ya kondensi yaliyouzwa kwa akina mama kama chakula cha watoto. Kondensi ikiongezwa maji mpaka utamu uwe wa kawaida, protini na mafuta huwa pungufu. Ikiachwa nzito, ni sukari tupu. Evaporeti na unga wa kawaida wa dukani navyo si chakula cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa kuwa protini na madini yake havikupangwa kwa figo changa.

Kwenye kabati, kila aina ina masharti yake. Evaporeti ikifunguliwa ni maziwa freshi: imiminwe kwenye chombo cha glasi au plastiki, iwekwe kwenye friji, imalizwe ndani ya siku tatu hivi. Kondensi huvumilia wiki mbili kwenye friji. Unga hautaki friji, unataka kifuniko kinachobana na kijiko kikavu. Katika miji ya pwani yenye unyevu, mfuko ulioachwa wazi hushikamana kuwa bonge ndani ya siku chache. Wale wanaochemsha kopo zima la kondensi ili ligeuke karameli wajue kwamba maji yakipungua chini ya kopo linaweza kupasuka na kumwaga karameli ya moto. Kondensi iliyomiminwa kwenye bakuli, ikafunikwa na kupikwa juu ya maji kwa saa mbili, hufika rangi ileile.

Na mara nyingine hesabu hugeuzwa. Labania, ile halua ya maziwa inayokatwa vipande vya mraba siku za Idi na harusi za pwani, huanzia kwenye unga: shira ya sukari, samli, iliki, kisha unga wa maziwa ukikorogwa upesi na kumwagwa kwenye sinia kabla haujaganda. Hapo maziwa freshi ndiyo yanayotafuta nafasi ya kuwa mbadala. Kwa labania ya nusu kilo ya unga zitahitajika karibu lita 4 za maziwa, kwenye sufuria pana yenye chini nzito, moto wa wastani, mwiko usiachie chini hata dakika, mpaka lita zote zibaki donge lisiloshika pembeni. Hiyo ni kazi ya zaidi ya saa moja, na labania yake hutoka ya rangi ya kahawia hafifu na chembechembe, tofauti na ile nyeupe iliyozoeleka sinia zikipitishwa.